Moja Ikisemwa Mara Mbili

Tamka namba za Kiswahili polepole, kuanzia moja hadi kumi, na upige kofi kwa kila silabi. Mo-ja. Mbi-li. Ta-tu. N-ne. Ta-no. Si-ta. Sa-ba. Na-ne. Ti-sa. Ku-mi. Makofi mawili kila mara. Hakuna namba inayokaidi, hata nne, ambayo ni fupi hadi inabidi ile n ya kwanza ijitegemee kama silabi. Kwa mtu anayeandika wimbo wa watoto, hii ni zawadi. Mdundo umeshatengenezwa, wewe kazi yako ni kutouharibu.

Mimi naandika kwa kulipwa. Tangu nitoke chuo mwaka wa pili nimeandika maelezo ya sabuni, hotuba za harusi na wasifu wa mtu aliyegombea udiwani. Kwa hivyo mchongo wa kuandika kishairi cha kuhesabia watoto wa nasari niliuchukua bila kuuliza maswali. Ilikuwa ya kubandikwa ukutani, chati ya rangi, moja hadi kumi, ya kuuzwa kwa shule ndogo za Kisii na Nyamira. Mteja alikuwa na sharti moja: kila namba irudiwe. Moja, moja. Mbili, mbili. "Watoto wanapenda kurudia," aliniambia kwa simu.

Ni kweli wanapenda. Lakini nina shangazi anayefundisha PP1 upande wa Keroka, mji ambao umekaa mpakani, huku Kisii, kule Nyamira. Nikaenda kumsikiliza kabla ya kuandika mstari wowote. Darasa lake lina watoto wa miaka minne hivi. Wengine nyumbani ni Ekegusii tupu, wengine ni watoto wa wafanyabiashara wa mjini, wanaoongea Kiswahili kutoka asubuhi hadi usiku. Vifaa vyake ni vifuniko vya soda ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.

Aliniambia, "Mwanangu, usiandike kwanza. Tazama."

Akamwita msichana mmoja, akamwekea vifuniko vitano kwenye mstari, akamwambia ahesabu kwa wimbo waliouzoea, ule wa namba kurudiwa. Mtoto akaimba huku kidole kikitembea. "Moja," kifuniko cha kwanza. "Moja," kifuniko cha pili. "Mbili," cha tatu. "Mbili," cha nne. "Tatu," cha tano. Akasimama, akatuangalia kwa furaha kabisa. Viko vingapi? Vitatu.

Huyo mtoto alikuwa sahihi kwa njia yake. Alifanya kile hasa kinachotakiwa katika kuhesabu: neno moja, kitu kimoja. Wimbo ndio uliompa maneno mawili kwa namba moja. Rochel Gelman na Randy Gallistel, wanasaikolojia wa Marekani, walitoa kitabu mwaka 1978 kuhusu jinsi watoto wadogo wanavyoelewa namba. Kati ya kanuni walizozieleza, tatu zinamhusu mwandishi wa vishairi. Kila kitu kipewe jina moja tu. Majina yafuatane vilevile kila siku. Na jina la mwisho ulilotaja ndilo jibu la "vingapi". Wimbo wenye "moja, moja" unavunja kanuni ya kwanza, na ikivunjika hiyo, ile ya tatu inatoa jibu la uongo.

Sasa je, uandike bila kurudia? Hapana. Marudio ndiyo yanayomfanya mtoto akumbuke kinachofuata. Jambo ni kuyahamisha. Namba itajwe mara moja, peke yake, na kidole kiguse. Halafu sauti yake irudi ndani ya maneno mengine, wakati kidole kimepumzika. Nilikaa na daftari kwenye ngazi ya darasa hadi saa ya uji, na hiki ndicho kilichotoka:

Moja, ngoja ngoja.
Mbili, pilipili.
Tatu, njoo kwetu.
Nne, ndizi nene.
Tano, huu mkono.
Sita, nani aita?
Saba, ni mama na baba.
Nane, tushikane.
Tisa, haya sasa.
Kumi, wewe na mimi.

Si shairi la kushindia tuzo, na halijaribu. Lakini kila neno lina sababu ya kukaa pale. "Ngoja ngoja" inasimamisha mkono, kwa sababu mtoto wa miaka minne akishaanza kuhesabu anakimbia kama matatu iliyochelewa. "Pilipili" iko pale kwa sababu ya Keroka. Ekegusii haina sauti ya l, na mtoto aliyelelewa na nyanya yake atasema "mbiri". Haina shida, atasema pia "piripiri", na vina vitakubaliana tu. "Huu mkono" unafunguliwa mbele ya uso, vidole vitano. Na kwenye kumi, watoto wawili wanagusanisha kiganja kwa kiganja: vidole vitano vyangu, vitano vyako. Kumi inaonekana.

Ndizi nayo haikuja kwa sababu tu Kisii ina ndizi. Kiswahili hubadilisha namba kufuata kitu kinachohesabiwa: mtoto mmoja, watoto wawili, viti vitatu, miti minne. Kwa mtoto anayejifunza "mbili" kama jina la idadi, "wawili" na "viwili" ni wageni wasiojulikana. Ila ukichagua ndizi, nyanya, kalamu, chupa au nyumba, namba inabaki vilevile ulivyoihesabu. Ndizi mbili, ndizi tatu, ndizi nne. Kwa miezi ya mwanzo, mwalimu akihesabu vitu vya aina hiyo tu, wimbo na maisha vinaongea lugha moja. Nilimwambia shangazi, akacheka, akasema basi vifuniko ageuze jina, aviite soda. Soda moja, soda mbili.

Ile zawadi ya silabi mbili mbili ina bei yake. Maneno yakifanana urefu, yanachanganyika. Nne na nane ni kama mapacha, tofauti ni a moja katikati. Sita na tisa ni mbaya zaidi: si-ta, ti-sa, zibadilishane nafasi konsonanti zake mbili upate nyingine. Kishawishi cha mwandishi ni kuandika "nne, tuone" na "nane, tuonane", kwa sababu inapendeza sikioni. Kataa. Mtoto akishapanda mstari mmoja atashukia kwenye ule mwingine, na utamjua: anaimba hadi nne, anaruka moja kwa moja hadi tisa, anamaliza kabla ya wenzake. Ndiyo maana nne ina ndizi ya kuonyesha kwa mkono mmoja, na nane inalazimisha kushikana na jirani. Sauti zikifanana, mwili utenganishe.

Halafu nikamuuliza shangazi swali lililonileta kwingine kabisa. Hawa wa Ekegusii tupu, je, wanahesabuje nyumbani?

Akainua mkono. Rimo, ibere, isato, inye, isano. Mkono wa kushoto umefunguka wote. Akaushikilia hivyo, akainua kidole kimoja cha kulia. Isano na rimo. Cha pili: isano na ibere. Cha tatu: isano na isato. Yaani tano na moja, tano na mbili, tano na tatu. Kisha kianda, tisa, na ikomi, kumi.

Nimekua nikisikia hizi namba na sikuwahi kuzisikiliza. Mtoto wa Kiswahili anaambiwa "saba", neno ambalo, kama sita na tisa, tulilipata kutoka Kiarabu, na ndani yake hakuna dokezo la kilichomo. Inabidi akariri. Mtoto wa Ekegusii anaambiwa tano na mbili. Jumla imo ndani ya jina. Anafanya hesabu ya kujumlisha kabla hajajua kuna kitu kinaitwa kujumlisha.

Lakini jaribu kuiweka kwenye wimbo wa kugusa. "Isano na ibere" ni neno refu lenye namba mbili ndani. Mtoto anagusa kifuniko kwa "isano", anagusa kingine kwa "ibere", na tumerudi kwenye tatizo la moja ikisemwa mara mbili. Namba zinazoeleza vizuri zaidi ndizo zinazoimbika vibaya zaidi. Kwa hiyo darasani kwa shangazi Ekegusii inahesabiwa kwa mikono, si kwa kugusa vitu: kushoto kunabaki wazi, kulia kunaongeza. Kiswahili ndicho kinaimbwa na vifuniko. Mtoto akikwama kwenye saba, anaulizwa kwa lugha ya nyumbani, na mikono inajibu.

Kianda ndiyo peke yake imekataa kuwa tano na nne. Na hapo kuna undugu. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno lake la tisa: kenda. Kikuyu wanalo hadi leo. Sita ilikuwa mtandatu, saba ilikuwa fungate, ile tunayoijua sasa kama siku za maharusi. Kwa hiyo mtoto wa Keroka akisema kianda, hajakosea Kiswahili. Amesema kitu kilicho karibu na Kiswahili kilichotangulia.

Hakuna kishairi, hata hiki changu, kinachofundisha idadi. Kinafundisha mpangilio. Ukitaka kujua tofauti, usimwambie mtoto ahesabu. Mwambie, "Nipe soda tatu." Anayeimba hadi kumi bila kosa anaweza kuchota kiganja kizima akakupa. Utafiti wa Karen Wynn, uliochapishwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba watoto huelewa moja kwanza, kisha baada ya miezi mbili, kisha tatu, ndipo wanang'amua jinsi kuhesabu kote kunavyofanya kazi. Jaribio lingine ni kuuliza, "Baada ya sita?" Akirudi kuanza "moja, ngoja ngoja", wimbo bado ni mnyororo mmoja kwake, hajaukata kuwa namba. Asiharakishwe.

Mteja alisoma kishairi akasema hakina marudio ya kutosha. Nikamweleza habari ya vifuniko vitano. Akasema wanunuzi wa chati ni wazazi na wakurugenzi, si watoto, na wao husikiliza utamu. Tulivutana siku mbili. Mwishowe akaniambia nirudishe "moja, moja" nilipwe shilingi 1,500, au niache. Niliacha, na hizo doo nilizihitaji kodi ilikuwa tarehe tano.

Chati yake iko madukani sasa, na inaimbika vizuri sana. Ukiiona kwenye nasari ya mtoto wako, usiitoe ukutani. Chukua vifuniko vitano, uvipange, umwambie aimbe akigusa. Akikuambia viko vitatu, usimsahihishe yeye.