Sukari imeenda wapi? Ubishi wa Meru na Embu

Wasee, kuna ubishi ulikuwa kwa grupu ya familia yetu wiki mbili, na bado sijachoka nao. Mdogo wangu yuko Meru na mimi, pale Makutano. Binamu yetu yuko Embu. Wote wako sekondari, wote wanataka kuwa sahihi, na swali lenyewe ni la alama mbili: ukitia sukari kwa maji, hilo ni badiliko la kimaumbile ama la kikemia? Na ukiiunguza je?

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo nilikuwa naulizwa kama refa, si kama mwalimu. Refa mzuri hanyang'anyi watu mpira. Nikawaacha wacheze.

Mdogo wangu ndiye alianza. "Kikemia, buda. Sukari ilikuwa kwa kijiko, sasa haiko. Imeisha."

Binamu akajibu na ujumbe wa sauti, unaskia kuku nyuma: "Haiko aje na unaionja? Hebu ngoja."

Mamake, anti yetu, huoka keki za kuuza, kwa hivyo wako na mizani ya jikoni. Binamu akapima maji gramu 200, akapima sukari gramu 20, akakoroga mpaka chembe zote zikapotea, akaweka tena kwa mizani. Gramu 220. Akatuma picha.

"Hiyo inaonyesha haijaisha," mdogo wangu akasema. "Haionyeshi ni kitu kile kile. Hata kitu kikibadilika kabisa, uzito hauendi popote kama hujaacha chochote kitoroke."

Hapo nilimpea alama. Wengi hukomea kwa mizani wakidhani wamemaliza kesi. Mizani inajibu swali moja tu: iko ama haiko. Swali letu lilikuwa lingine: molekuli zilizo kwa kikombe sasa, ni zile zile zilizokuwa kwa kijiko? Sukari ya mezani ni sukrosi, fomula yake C12H22O11. Chembe moja unayoiona ni molekuli nyingi mno zimepangwa kwa mistari. Maji yanaingia katikati, yanazitenganisha moja moja, na hakuna hata moja inavunjwa. Ni kama matatu imefika stendi, abiria wameshuka wakatawanyika sokoni. Gari halina mtu, lakini watu ni wale wale.

Binamu akasema basi atoe maji, sukari itarudi. Mdogo wangu akamtangulia. Akachukua nusu kikombe cha maji, vijiko vitatu vya sukari, akaweka sufuria kwa meko na moto wote. Baada ya muda akapata kitu cha rangi ya kahawia kimeshika chini, na nyumba nzima inanuka peremende iliyoungua.

"Umeona? Haijarudi. Kikemia!"

Hili kosa ni tamu, wacha tukae hapa kidogo. Alichofanya ni mambo mawili akayaita moja. Maji yakiwa mengi kwa sufuria, joto haliwezi kwenda mbali. Huku kwetu juu, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 hivi, si 100 kama kitabu kinavyosema, na moto wa ziada unaishia kufukuza mvuke tu. Lakini maji yakipungua na sharubati ikawa nzito, joto linaanza kupanda. Likikaribia nyuzi 160 na kuendelea, sukari yenyewe inaanza kuvunjika. Kwa hivyo dakika za kwanza alikuwa anatoa maji. Dakika za mwisho alikuwa anaunguza sukari. Ile rangi ni ya zile dakika za mwisho.

"Sasa nifanye aje?"

"Toa moto kwa kesi," binamu akamwambia. "Mwaga kidogo kwa sahani pana, funika na kitambaa chepesi sababu ya siafu, weka dirishani. Ikianza kunata, tupia chembe mbili tatu za sukari kavu ziwe mbegu."

Ilichukua siku kadhaa. Kuna siku sahani ilikuwa gundi tupu na mdogo wangu akaanza kujigamba mapema. Halafu pembeni zikatokea chembe ndogo zinang'aa. Akaonja. Akanyamaza, na mtu wa nyumba yetu akinyamaza jua amekubali.

Nusu ya vita yao, nikisema ukweli, ililetwa na lugha. Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja, kuyeyuka, kwa sukari inayopotea ndani ya chai na pia kwa sukari inayogeuka uji kwa sufuria kavu. Kitabuni ile ya kwanza huitwa kumumunyika. Hayo ni mambo mawili tofauti, moja linahitaji maji, lingine linahitaji joto.

Kwa raundi ya pili, binamu ndiye alijitia shida. Anti huunguza sukari kupata rangi ya keki nyeusi: sukari kavu kwa sufuria mpaka iwe kahawia iliyokolea, halafu maji moto kidogo kidogo, mtu akiwa amesimama mbali kwa sababu inaruka na inachoma kushinda maji yanayochemka. Binamu ameona hiyo kazi tangu akiwa mdogo.

"Sukari ya mum ikitiwa maji inamumunyika tena," akasema. "Kwa hivyo kuunguza ni kimaumbile. Imebadilisha rangi tu."

"Ikaushe basi kwa sahani, vile ulinifanyisha."

Akakausha. Akapata utando wa kahawia unaonata, mchungu kidogo. Hata baada ya wiki, chembe nyeupe aliyokuwa anangoja haikuja. Kitu kumumunyika kwa maji hakimaanishi ni sukari. Chumvi pia humumunyika.

Mdogo wangu hakumwachia hapo. Akaweka kijiko cha sukari kavu kwa sufuria kuukuu, dirisha wazi, akaiacha ipite kahawia mpaka ianze kuwa nyeusi, na akashika kifuniko baridi juu ya moshi. Chini ya kifuniko kukawa na matone.

"Niambie hayo maji yametoka wapi. Sikuweka hata tone."

Rudi kwa fomula. H22 na O11 ni hesabu ile ile ya molekuli 11 za maji, lakini kwa sukari hazikai humo kama maji. Hidrojeni na oksijeni zimeungwa pamoja na kaboni. Ili matone yatokee, lazima viungo vikatike na vipya vifungwe. Hiyo ndiyo kemia. Kinachobaki ni kaboni, ile nyeusi. Kwa gramu 20 za sukari, kaboni yote ni kama gramu 8 na nusu. Mdogo wangu aliitia ile nyeusi kwa maji, akakoroga mpaka mkono ukachoka. Ikakaa chini kama makaa, kwa sababu ni makaa.

Binamu alikaa kimya siku nzima. Usiku akatuma swali: "Na ukichemsha maji ya sukari na ndimu? Hayabadiliki rangi."

Nikaangalia. Asidi ya ndimu pamoja na joto hukata sukrosi vipande viwili, glukosi na fruktosi, pole pole, na hakuna rangi wala moshi wa kukushtua. Hiyo ni kikemia, ndani ya kikombe kinachofanana kabisa na kile cha gramu 220.

Mdogo wangu alisoma akasema, "Kwa hivyo chai ya rangi yenye ndimu ni ipi sasa?"

"Inategemea umeichemsha muda gani," binamu akajibu, na wakaanza tena.