Swali la Kwanza Lilikuwa la Mshahara

Mwaka jana nilipewa kazi ambayo wahadhiri wengi huikwepa: kuwaeleza watumishi wa idara yetu utaratibu mpya wa kusaini mahudhurio kwa alama za vidole. Uongozi ulikuwa umekwisha kuamua, na mashine ilikuwa imefungwa ukutani karibu na mlango wa masjala. Nilitakiwa niandae slaidi kumi, ya mwisho ikiwa na kichwa "Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara".

Niliiandika slaidi hiyo usiku mmoja, nikaridhika nayo. Swali la kwanza lilikuwa, "Je, mfumo huu una manufaa gani?" La pili, "Je, utaongeza vipi uwajibikaji?" Asubuhi nilimwonyesha mama mmoja mhudumu wa usafi, mtu aliyeanza kazi pale kabla mimi sijamaliza shahada ya kwanza. Akasoma polepole, kisha akaniuliza, "Daktari, haya nani ameyauliza?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeyauliza. Yalikuwa maswali ya uongozi yaliyovishwa kanga ya mtumishi, na msikilizaji huyatambua papo hapo. Akiona swali lake la kweli halipo, huhitimisha kwamba limefichwa, hata kama lilisahaulika tu.

"Sasa wewe, mama, ungeuliza nini?"

Akanyoosha viganja. Miaka ya sabuni na dawa ya kusafishia vyoo ilikuwa imelainisha ncha za vidole. "Mashine ya benki hainisomi. Hii ikinikataa, mshahara wangu utakatwa?"

Nililiandika kama alivyolitamka. Kisha nikamfuata fundi sanifu wa maabara, ambaye tindikali imemfanyia yale yale, na mhadhiri msaidizi wa mkataba. Huyu wa mwisho alitazama nyuma kwanza kabla ya kusema kwamba anataka kujua kama kumbukumbu hizo zitatumika mkataba wake utakapofikiriwa upya. Watu watatu walinipa maswali matano, na hakuna hata moja lililofanana na yangu.

Kazi ngumu ilikuwa majibu. Nilijiwekea sharti kwamba kila jibu lianze kwa "ndiyo", "hapana" au "bado haijaamuliwa", ndipo maelezo yafuate. Sharti hilo dogo liliufichua waraka wenyewe. Swali la mama nilipolipeleka kwa afisa utumishi, alinisomea aya nzima kuhusu "taratibu stahiki". Nikamwuliza tena: ndiyo au hapana? Akanyamaza. Waraka haukuwa umemfikiria mtu asiyesomeka vidole. Ilichukua siku nne na barua mbili mpaka tukapata jibu linaloweza kuandikwa: "Hapana. Mashine ikikukataa, utasaini daftari kwa mkuu wa idara siku hiyo hiyo, naye atathibitisha. Daftari lina uzito sawa na mashine."

Swali la fundi sanifu lilihusu mahali alama zake zitakapohifadhiwa. Hapa sheria ilitusaidia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za kibayometria kuwa taarifa nyeti, na taarifa nyeti hazichukuliwi kiholela kama jina au namba ya chumba. Uongozi ulilazimika kutaja nani atazifungua na lini zitafutwa mtumishi akiondoka. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, mwenye shahada ya uzamivu, sikuwa nimeliwaza jambo hilo.

Siku ya mkutano nilivunja mpangilio niliopewa. Slaidi ya maswali niliitanguliza ikawa ya pili, na swali la mshahara nikaliweka juu kabisa, kwani mtu anayehofia mshahara hasikii jambo jingine. Yalikuwa maswali matano tu, kwa herufi zinazosomeka kutoka viti vya nyuma.

Lile la mkataba lilibaki na jibu la "bado haijaamuliwa", pamoja na cheo cha atakayeamua na tarehe ya mwisho. Afisa mmoja alininong'oneza niliondoe, eti linaonyesha udhaifu. Nililiacha. Mhadhiri msaidizi aliyeliuliza alikuwa ameketi mstari wa tatu, macho chini, akiandika.

Baadaye mzee mmoja dereva alisimama na kuuliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyeliwaza: yeye hulala Dodoma siku mbili kila wiki kikazi, je, atasaini wapi? Ukumbi ulicheka. Mimi nilichukua kalamu, nikaliandika ubaoni kuwa swali la sita.

Tarehe ya jibu la mkataba imepita kwa wiki tatu sasa. Jumatatu nitakwenda kuliulizia.