Mkono Niliofuta Kwenye Picha ya Guka

Wasee, leo nakiri kosa. Guka wangu alikufa kabla sijazaliwa, na familia yetu ina picha yake moja tu. Amesimama mbele ya duka lake na suti iliyomzidi, mikono imetulia kando, uso kama mtu anadaiwa. Wakati wa kupanga ibada ya kumkumbuka, shosho akaniambia, "Si wewe ndio uliacha chuo uende kutengeneza mavideo? Haya, nitengenezee ya guka wako."

Ningekataa na uso gani?

Picha moja iliyosimama tuli inachosha haraka, kwa hivyo nikaamua kuipa kina. Unamkata mtu, unamweka kwenye tabaka lake, ukuta wa nyuma unabaki kwenye tabaka lingine, halafu unayasogeza kwa kasi tofauti. Jicho linakubali kwa sababu limezoea. Ukiwa kwenye matatu ya kwenda Naivasha, nguzo za kando ya barabara zinapita fyuu, lakini Mlima Longonot uko tu pale, unasonga polepole kama hautaki kuachwa. Kilicho karibu hukimbia, kilicho mbali hujikokota. Ni hivyo tu.

Nilipeleka picha saiba wakaiskani kwa 600 dpi. Upana wake ni inchi 6, kwa hivyo nikapata piksel 3600, na video yangu ni ya 1920. Hapo nina nafasi ya kuvuta bila picha kuwa na ukungu. Kwenye GIMP nikachukua Paths nikamzunguka guka nukta kwa nukta, karibu saa nzima. Siri ni kupita ndani ya ukingo wake kwa piksel moja au mbili. Ukipita nje, unabeba kipande cha ukuta, na akisonga anatembea na mstari mweupe mabegani.

Sasa kosa. Mimi nilitaka asonge kando, mambo ya sinema. Nikapanga ukuta usogee piksel 20 na guka asogee 80. Fanya hesabu: upande anaotoka panafunuka pengo la piksel 60. Ukiacha picha ya awali nyuma, guka wa pili anachungulia hapo, sikio juu ya sikio. Kwa hivyo nikamfuta kabisa kwenye tabaka la nyuma kwa Clone, nikipaka ukuta na mchanga vya pembeni mahali alipokuwa. Karibu na suruali yake kulikuwa na kitu kama doa. Nikakipaka ukuta pia. Manze, nilijisikia fundi.

Shosho akaangalia kwa simu yangu, sekunde 6 zote, kimya. Akairudisha mwanzo mwenyewe. Halafu akauliza, "Na mkono wa shangazi yako umeenda wapi?"

Lile doa lilikuwa vidole. Shangazi yangu mkubwa, aliyefariki akiwa mtoto, alikuwa amejificha nyuma ya baba yake, ameshika suruali. Hana picha nyingine. Vile vidole vinne ndio picha yake yote, na mimi nilikuwa nimevipaka rangi ya ukuta.

Nikarudi kwa laptopu. Mara hii niliviacha vidole kwenye tabaka la guka, kwa sababu vinashika nguo yake, viko umbali uleule na yeye. Ukivitenganisha, vitateleza juu ya kitambaa. Halafu nikaacha kabisa kusogeza kando. Nikawakaribia polepole: kwenye DaVinci Resolve, Zoom ya ukuta ikatoka 1.00 hadi 1.02, ya guka 1.00 hadi 1.06, kwa sekunde 6. Anchor Point ya matabaka yote mawili nikaiweka kwenye viatu, ndio asielee juu ya mchanga.

Uzuri wa njia hii ni kwamba guka anakua haraka kuliko ukuta, kwa hivyo anazidi kuufunika badala ya kuufunua. Mahali pa kujaziwa palibaki pembamba tu, kati ya miguu na chini ya mikono, piksel chache. Sikuhitaji kubuni ukuta ambao sijawahi kuuona. Na ukijaribu kwako, usipande sana. Nilijaribu 1.20 kwanza, guka akawa kadibodi iliyokatwa kwa makasi, kwa sababu uso wake ni bapa na hakuna pua ya kutokeza mbele ya mashavu. Hicho kina cha ndani ya mtu, matabaka mawili hayana.

Nilipomwonyesha tena, shosho alishika skrini kwa kidole ili isimame, akaileta karibu na macho. Hakuwa anamwangalia guka.

"Alikuwa anaogopa kamera," akasema. "Cheza tena."