Nembo Tatu, Kifuniko Kimoja

Fedha zetu za kuchapa vibandiko vya siagi ya karanga hapa Myanga zilitosha mara moja tu. Rasimu tatu za nembo tukazichapa kwa upana wa sentimita 2, kadiri ya kifuniko.

Ya kwanza, ya herufi za kujipinda, mama zetu waliipenda mno. Ilipopunguzwa, mistari yake myembamba ilitoweka, na matundu ya *a* na *e* yakajaa wino. Ya pili, jina tupu kwa herufi nene, ilisomeka hata mkono ukinyoshwa, ila kesho yake hakuna jirani aliyeikumbuka. Ya tatu, ganda la karanga lenye punje mbili, watoto waliichora bila kuitazama.

Tukaichukua ya tatu, na chini yake jina kwa herufi nene za ile ya pili. Kwenye muhuri, ganda hukaa peke yake.