Barua kwa Mtu Usiyemjua: Umwite Nani?

Kiswahili kimetupunguzia nusu ya kazi. Ukisema "amefika", hakuna anayejua kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke. Ukimaliza barua kwa "wako", hujagusa jinsia ya mtu yeyote. Shida yote imebaki sehemu mbili: pale juu unapomwita mtu, na pale chini unapomuaga. Hapo ndipo lugha inadai ujue kama ni Bwana au Bi., ni mkubwa kwako au mdogo, ni Dokta au ni Mwalimu tu. Na mara nyingi hujui.

Kwetu ni Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, pale kwenye kituo cha Reli ya Kati. Ukisoma chuo halafu ukarudi likizo, kijiji kizima kinakugeuza karani. Haijalishi unasoma nini. Mimi nasoma ualimu, basi ndiyo kabisa, wanaona barua ni kazi niliyozaliwa nayo. Nieleze moja tu ya likizo iliyopita, maana ndani yake kuna karibu kila swali ambalo wenzangu huniuliza wakati wa kuomba nafasi za fildi.

Bibi mmoja jirani yetu ana mjukuu aliyechaguliwa kidato cha tano mkoa mwingine. Wiki ya kuripoti ikamkuta kijana amelazwa kwa malaria. Fomu ya kujiunga ilisema wazi kwamba asiyeripoti ndani ya muda uliotajwa atapoteza nafasi. Kwa hiyo ilitakiwa barua ya kuomba aongezewe siku, tena haraka. Tukaikagua fomu: chini kuna muhuri, sahihi iliyochorwa kama nyoka, na maneno "Mkuu wa Shule". Jina hakuna. Mwanamume? Mwanamke? Kijana wa miaka thelathini na kitu au mtu anayekaribia kustaafu? Hakuna ajuaye.

Bibi akaanza kuniambia niandike: "Shikamoo mwalimu mkuu." Nikamwambia hapana, na sababu siyo kwamba shikamoo ni neno baya. Shikamoo ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, kwa hiyo kabla hujaiandika lazima ujue vitu viwili: umri wa anayesoma na umri wa anayetia sahihi. Barua ile ilikuwa inatoka kwa bibi mwenyewe kama mlezi, si kwangu mimi niliyeshika kalamu. Bibi amepita miaka sabini. Mkuu wa shule aliye kazini hawezi kumfikia, kwa sababu watumishi wa umma hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka sitini. Yaani bibi angemwamkia mtu wa umri wa mwanawe. Ingekuwa barua ya mjukuu, shikamoo isingekuwa na kosa la umri hata kidogo, ila bado ingekuwa salamu ya mdomoni iliyopotea njia ikaingia kwenye karatasi ya ofisi. Salamu nyingi za mdomoni ziko hivyo hivyo. Hata Kigogo chetu kina mbukwa kwa mtu mmoja na mbukwenyi kwa wengi, maana yake lazima kwanza uwaone waliosimama mbele yako.

Sasa wengi wetu hapo hukimbilia "Ndugu Bwana/Bibi". Tuiangalie vizuri. "Bibi" zamani lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke yeyote, lakini mwite mwalimu wa miaka thelathini na tano "Bibi" leo uone, atadhani unamwambia amezeeka. Ule mkwaju katikati nao unamwambia msomaji: sijui wewe ni nani na sikutafuta. "Mpendwa" ndiyo mbaya zaidi, ni Kiingereza kilichovaa kanga. Kwa Kiswahili mpendwa ni wa nyumbani, au wa kanisani. "Mama" linamchukulia kila mwanamke kuwa mzazi. Na "Mheshimiwa" lina wenyewe: mbunge, diwani, mkuu wa wilaya, hakimu. Ukimpachika mkuu wa shule anaweza kuhisi unamrushia maua kwa sababu unataka kitu, na kweli unataka kitu.

Neno linalobaki ni "Ndugu". Hili lilishika sana enzi za TANU na Azimio la Arusha la 1967, wakati waziri na mkulima wote waliitwa Ndugu. Uzuri wake ni kwamba halina jinsia, halina umri, halina cheo. Udhaifu wake ndio huo huo: halimwinui mtu. Leo linasikika zaidi kwenye chama na kwenye barua za kawaida, na likiwa peke yake mbele ya mtu anayependa cheo chake linaweza kuonekana kavu. Lakini ukilifungia na cheo, "Ndugu Mkuu wa Shule", ukavu unapungua.

Hata hivyo kwa barua ya bibi sikuhitaji hata Ndugu. Ukizitazama barua za serikali yetu utaona kitu ambacho shuleni hatukukitilia maanani: nyingi hazina salamu kabisa. Kuna anwani ya mpokeaji, na mpokeaji ni ofisi: Katibu Mkuu, Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Shule. Kisha linakuja neno "Yah:" na kichwa cha habari, halafu jambo lenyewe. Heshima imekaa kwenye kutaja ofisi kwa jina lake kamili, bila kukosea neno. Ndivyo ilivyo hata bungeni hapo Dodoma. Alipokuwa Anne Makinda, spika wa kwanza mwanamke, wabunge walisema "Mheshimiwa Spika". Alipofuata Job Ndugai walisema "Mheshimiwa Spika". Alipokuja Tulia Ackson wakasema vile vile. Kiti hakina jinsia.

Faida nyingine ni kwamba barua haisomwi na mtu mmoja. Ile ya bibi ingefunguliwa na karani, ikaandikwa kwenye rejista, pengine ikaenda kwa makamu, na mkuu mwenyewe huenda alikuwa amehamishwa juzi na pale yupo kaimu. Ukiandika "Bwana" na jina la mtu uliyesikia kwa watu, uhamisho mmoja unaiharibu barua. Ukiandika ofisi, barua inamkuta yeyote aliyekaa pale.

Basi ikawa hivi, kwa kifupi:

Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ……,
S.L.P. ……

Kupitia kwa:
Mtendaji wa Kijiji,
Gulwe.

Yah: KUOMBA KUONGEZEWA MUDA WA KURIPOTI KIDATO CHA TANO – (jina kamili la mwanafunzi)

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanafunzi aliyetajwa amechaguliwa kujiunga na shule yako. Alilazwa tangu tarehe …… na ameruhusiwa tarehe ……. Cheti cha hospitali kimeambatishwa. Naomba aruhusiwe kuripoti tarehe ……

Natanguliza shukrani.

(sahihi)
(jina kamili)
Bibi na mlezi wa mwanafunzi
Simu: ……

Mstari wa "Kupitia kwa" si pambo. Mkuu wa shule hamjui bibi, na bibi hamjui mkuu. Mtendaji akigonga muhuri na kusaini, anakuwa kama mtu wa katikati anayesema: huyu namfahamu, anakaa kwangu. Kazi ambayo ana kwa ana ingefanywa na salamu ndefu, hapo inafanywa na muhuri.

Kwenye kuaga tulibishana kidogo. Nilimsomea bibi mwisho tuliofundishwa shuleni: "Wako mtiifu." Akaniuliza, "Mtiifu kwa nani, mjukuu wangu?" Swali la haki kabisa. Mtiifu ni neno la aliye chini kwa aliye juu: mwanafunzi kwa mkuu wake, mwajiriwa kwa mwajiri. Mwanafunzi akiliandika linamfaa. Mlezi wa miaka sabini akiliandika anajishusha mahali ambapo hakuna aliyemwomba ajishushe. "Wako katika ujenzi wa taifa" nalo ni la watumishi wenzako, lina harufu ya ofisini. Kama hujui cheo cha unayemwandikia wala umbali uliopo kati yenu, aga kwa jambo na si kwa uhusiano. "Natanguliza shukrani" inashukuru kwa ombi, basi. Haisemi nani mkubwa. Kati ya ofisi na ofisi utakuta "Nakutakia kazi njema", nayo ni ya namna hiyo hiyo.

Ila mstari ninaoupenda mimi ni ule wa chini ya jina: "Bibi na mlezi wa mwanafunzi." Mpokeaji naye yuko gizani kama wewe. Majina yetu hayamsaidii. Tumaini au Imani anaweza kuwa kaka au dada. Sasa mkuu akitaka kujibu atamwita nani? Neno "mlezi" peke yake lingemwacha anabahatisha. "Bibi" hapo si heshima, ni undugu, na linampa jinsia na umri kwa pamoja. Kile ulichokikosa kwenye fomu yao, wape wao kwenye barua yako.

Jibu lilikuja kwa simu baada ya siku chache. Aliyepiga alikuwa makamu, mwanamke, akamwamkia bibi "shikamoo" kabla ya kitu chochote, ndipo akasema kijana amepewa wiki mbili. Mkuu mwenyewe mpaka leo hatujui ni Bwana au Bi., na kijana anasoma.

Kwa wanafildi wenzangu, mambo ni yale yale na mengine mawili ya kuongeza. Ukipiga simu shule usiyoijua, anza na "Habari za kazi, samahani, naongea na ofisi ya Mkuu wa Shule?" Ukishasikia sauti, bado usikimbilie "madamu" wala "kaka", "mwalimu" linatosha kwa wote, na hakuna mwalimu anayekasirika kuitwa mwalimu. Na shule ikikujibu kwa barua, soma chini kabisa kabla ya kuandika tena. Ukiona "Kny:" mbele ya cheo, aliyesaini amesaini kwa niaba ya mwenye ofisi. Barua yako ya pili iende kwa Mkuu wa Shule, siyo kwa jina la aliyesaini, hata kama jina lake sasa unalijua.

Kwa wahadhiri hapa chuoni, kabla hujaandika "Dokta", tazama ratiba au mlango wa ofisi yake. Ukimwita Dokta aliyekuwa Profesa, umemshusha. Ukimwita Dokta ambaye bado anasoma shahada hiyo, umemwaibisha mbele ya wenzake. Usipopata uhakika, andika "Mhadhiri wa kozi" na utaje namba ya kozi. Hiyo namba angalau wote wawili mnaijua.