Konzi la Mama na Mizani ya Mjukuu



Likizo ya Agosti iliyopita tulikwenda Bahati, juu ya mji wa Nakuru, kumzuru mama yetu. Yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Alimfuata marehemu baba yetu bara alipokuwa akifanya kazi ya reli Nakuru, na baba alipostaafu wakahamia kishamba kidogo huko Bahati, ambako asubuhi ukungu huteremka mpaka mlangoni na mtu hutawadha huku meno yakigongana. Miaka yote hiyo hakuiacha ada moja ya nyumbani kwao: Ijumaa asubuhi ni mahamri kwa mbaazi za nazi, na nazi huagizwa sokoni Nakuru kwa bei yoyote iliyopo.

Safari hii tulifuatana na binti yetu, anayesomea lishe katika chuo kimoja. Naye alikuja na mizani ndogo ya jikoni ndani ya mkoba wake, na azma yake alikwisha kutueleza njiani. Mama ana maradhi ya sukari kwa miaka kumi na tisa sasa. Kliniki walimpa karatasi inayosema kwamba chakula chake cha asubuhi kisizidi gramu 45 za wanga. Karatasi ile ilibandikwa kando ya kabati la vyombo, na haikuwa na faida yoyote, kwa kuwa hakuna aliyejua hamri moja lina wanga kiasi gani. Katika simu ya binti yetu palikuwa na hesabu ya mandazi, lakini yeye aliikataa. Alisema mandazi yale ni ya mtu mwingine, wala hakuna ajuaye yalitiwa sukari gani na yalikatwa kwa ukubwa gani.

"Nyanya," akauliza, "mahamri yako unayapima vipi?"

"Makonzi kumi na mawili ya unga, mke mwenzangu. Sukari kikombe hiki cha bati. Hamira vidole vitatu. Iliki mpaka uisikie harufu. Na tui mpaka unga uache kushika vidole."

Mizani ilipotolewa, mama hakufurahi. Akatugeukia sisi na kutukumbusha habari ya Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, aliyekuwa akila katika shayiri iliyosalia nyumbani baada ya kufa Mtume, rehema na amani zimshukie, ikadumu muda mrefu, hata siku alipoipima ikamalizika. "Mwataka kuniondolea baraka jikoni?" akauliza.

Tulimjibu kwa adabu kwamba Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari, na humo humo imo nyingine inayotuamrisha tupime chakula chetu ili tubarikiwe. Wanavyuoni wamezikutanisha: kupima ni kwa kile kinachonunuliwa, kinachouzwa na kinachotolewa kutumiwa, na linalochukiza ni kukipekua kilichobaki ghalani kwa kuitilia shaka riziki. Unga unaokwenda kukandwa umekwisha kutoka ghalani. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, lakini mkono ni wangu."

Binti akaweka bakuli juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, na mama akatia konzi la kwanza: gramu 36. La pili 31. La tatu 38, la nne 30. Kila mara msichana aliandika namba na kuirudisha mizani kwenye sifuri. Mama alipoona makonzi hayalingani alicheka kwa ushindi, lakini makonzi kumi na mawili yalipojumlishwa yalikuwa gramu 408, na keshoye yakawa gramu 403. Kila konzi lilipotoka upande wake, na kumi na mawili yakasahihishana.

Hapa tulivutiwa sana, maana sisi watu wa vitabu tunalijua jambo hili kwa mlango mwingine. Mudi ya sheria ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa, na pishi ya Zakatul-Fitri ni mudi nne. Ukiigeuza pishi kuwa kilo utawakuta wanavyuoni wakitofautiana. Mikono hailingani, na pishi moja ya mchele haina uzito mmoja na pishi ya tende au ya unga.

Turudi jikoni. Kikombe cha bati kilichukua gramu 110 za sukari. Tui likapimwa kwa jagi: jagi likawekwa juu ya mizani kabla ya kumimina na baada yake, na tofauti ikawa gramu 230. Jambo ambalo tusingalilifikiria ni mafuta. Binti alilipima karai pamoja na mafuta kabla ya kuliteka jikoni, akalipima tena lilipopoa baada ya kukaanga. Zilikuwa zimepungua gramu 80. Nyingine ziliruka mekoni na kwenye karatasi ya kuchujia, lakini zilizo nyingi zimo ndani ya mahamri, na mtu anayehesabu unga na sukari peke yake humwachia mgonjwa chakula kinachoonekana chepesi kuliko kilivyo.

Vyote akavigawa kwa kutumia jedwali la virutubishi vya vyakula vya Kenya, lililotolewa mwaka 2018 na Serikali pamoja na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Unga mweupe, kwa kukadiria, robo tatu ya uzito wake ni wanga. Sukari yote ni wanga. Tui lina wanga kidogo na mafuta mengi. Mahamri yalitoka ishirini, na kila moja likawa na wanga gramu 21 na ushei, mafuta gramu 6, protini gramu 2 na ushei, jumla yake kalori 150 hivi. Mama alikuwa akila matatu, na chai ya vijiko viwili vya sukari, na mbaazi juu yake. Mahamri peke yake yalikuwa yamekwisha kuipita karatasi ya kliniki kwa karibu gramu ishirini.

"Basi mawili," akasema mama.

"Mawili bila mbaazi, Nyanya, na chai isiyo na sukari. Au moja na upawa wa mbaazi."

Mama akatafakari. "Na hilo moja, nani amesema likatwe dogo?"

Tulicheka wote. Kumbe kubwa lilikuwa halijafika.

Bakuli la mama la kukandia ni la madini, jeupe, lina mstari wa buluu kwa ndani. Mke wetu, aliyefunzwa mahamri na mama huyu huyu mwaka alioolewa, alikuwa ameketi akikuna nazi. Akauangalia unga ndani ya bakuli na kusema, "Mama, makonzi kumi na mawili yako yalikuwa yakifika mstarini." Mama akasema bado yanafika. Hayakufika. Unga ulikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Binti akaongeza unga mpaka mstarini, akapima: gramu 500.

Tukatazamana. Konzi la mama lilikuwa limepungua kwa karibu moja ya tano, na yeye mwenyewe hakujua. Kikombe cha bati hakikupungua. Ndiyo maana kwa muda wa miaka miwili mahamri yake yalikuwa yakigeuka hudhurungi kabla ya kuiva ndani, na kuzidi utamu, nasi tukilaumu moto na mafuta. Unga ulipungua na sukari ikabaki pale pale, na sukari ikizidi, hamri huungua upesi.

Binti yetu akaacha namba akaushika mkono wa nyanya yake. Akamwambia aviunganishe viganja viwili kwa kuvibana, vidole kwa vidole. Havikugusana. Katikati palibaki uwazi ambao kidole kingepita. Hapo ndipo sisi tulipokumbuka, kwa aibu, kwamba tangu mwaka juzi tulikuwa tukimwona mama akisujudu vidole vyake vikiwa vimepinda juu ya mswala, havilali. Tulisema moyoni ni uzee, na mzee ana udhuru.

Maelezo tuliyopewa kliniki baadaye ni haya. Sukari ikikaa nyingi katika damu kwa miaka, hujishikiza kwenye nyama za ngozi na kano za viungo, zikawa nene na ngumu. Vidole havinyooki kikamilifu wala havifumbiki kikamilifu, na kwa kuwa mara nyingi havina maumivu makali, mgonjwa hasemi. Ugumu huo wenyewe haumuui mtu, lakini mara nyingi hufuatana na madhara katika mishipa midogo ya macho na ya figo. Kwa hiyo mama alitakiwa apimwe macho na mkojo wiki ile ile. Mkojo ulikuwa salama. Katika jicho la kushoto palionekana mwanzo wa madhara, na amepangiwa kutazamwa kila baada ya miezi minne. Yeye alikuwa haoni tofauti yoyote.

Kabla ya kuondoka, mapishi yaliandikwa katika daftari: unga gramu 500, au mpaka mstari wa buluu, sukari gramu 70, maana mama alionja na kukiri kwamba iliki hufanya kazi nusu ya sukari, hamira gramu 7, tui gramu 280. Mahamri ishirini na manne. Mama alisomewa ukurasa mzima na akaukubali, isipokuwa namba ya tui. Alisema tui halina namba. Binti, kwa kuwa aliipima mara tatu, aliiacha.

Tuliporudi Mombasa alijaribu gramu kwa gramu. Unga ukawa tope, ukashika mikono hata mpini wa kusukumia, na uliumuka ukamwagika ukingoni mwa bakuli kabla ya saa moja, hali ya kuwa Bahati tulikuwa tukiungoja saa mbili na nusu karibu na jiko. Akampigia simu nyanya yake.

"Umetia tui lote?"

"Ndiyo, gramu 280."

"Huko kwenu hewa ina maji, mke mwenzangu, na unga umekwisha kuyanywa ungali gunini. Huku kwetu hewa ni kavu. Tia nusu kwanza, kisha kidogo kidogo, na ukisikia vidole vinaachia, simama. Na usitazame saa. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi upesi, bado, likirudi polepole, sukuma, lisiporudi, umechelewa."

Siku ya pili tui lililotosha lilikuwa gramu 245. Katika daftari sasa mstari wa tui una namba mbili, ya Bahati na ya Mombasa, na chini yake yameandikwa yale maneno ya kidole kama alivyoyasema mama.