Picha ya fomu kutoka Leipzig

Mdogo wangu anasoma Leipzig, Ujerumani. Wiki ya kwanza alipewa fomu ya kujiandikisha kwenye ofisi ya mji, yote kwa Kijerumani. Aliipiga picha, akaituma kwa shangazi yetu anayekaa Kolonye.

Shangazi hakutafsiri yote. Alijibu kwa sauti: "Mtoto wangu, nakupa muhtasari tu. Penye Einzugsdatum wanataka siku uliyoingia katika nyumba. Una wiki 2 tangu siku hiyo. Mwenye nyumba akuandikie karatasi ya kuthibitisha kwamba unakaa kwake. Mkataba wa kupanga hautoshi. Penye Religion, simama kwanza. Ukiandika Katoliki, leo hulipi kitu. Lakini siku utakapofanya kazi na kukatwa kodi ya mapato, utakatwa na ya kanisa: huko Leipzig ni asilimia 9 ya ile kodi, si ya mshahara wote. Sikwambii ukane ubatizo wako, ujue tu. Mistari ya chini imekatika kwenye picha, kwa hiyo juu yake sisemi kitu. Usitie sahihi bado."

Akatuma picha ya pili. Chini waliuliza kama ana makao mengine. Yeye alitaka kuandika nyumba yetu ya Bukavu. Kumbe wanahesabu zile za Ujerumani peke yake.

Aliandika Katoliki, akijua maana yake, kisha akatia sahihi.